Hatua ya pili kwenye orodha: kisa cha programu ya sataranji iliyokatizwa na saa

Hali ya ubao yenyewe ni ya kawaida kabisa. Weupe wamefungua kwa `e2e4`, Weusi wakajibu `e7e5`, kisha `d1h5`, `b8c6`, `f1c4`. Malkia mweupe yuko h5, askofu yuko c4, na wote wawili wanamkodolea macho askari wa f7. Weusi wakipuuza, malkia atamla huyo askari na mchezo utaishia hapo: ni mati, kwa sababu askofu anamlinda malkia na mfalme hana pa kukimbilia. Programu inacheza Weusi na imepewa sekunde 1 ijibu. Hii hapa kumbukumbu yake ya utafutaji. Tarakimu za nodi, yaani hali za ubao zilizopitiwa, za muda wa milisekunde na za alama zinazohesabiwa kwa sehemu za mia za askari ni za kielelezo, ila zina ukubwa unaotarajiwa kwa programu inayopitia nodi milioni 1 kwa sekunde.

```
go movetime 1000
info depth 4 score cp -20 nodes 14000 time 14 pv g7g6 h5f3 g8f6 g1e2
info depth 5 score cp -8 nodes 78000 time 78 pv g7g6 h5f3 g8f6 g1e2 f8g7
info depth 6 score cp -14 nodes 430000 time 430 pv g7g6 h5f3 g8f6 g1e2 f8g7 b1c3
bestmove a7a6
```

Mizunguko mitatu mfululizo ya utafutaji, kina cha 4 hadi cha 6, inasema `g7g6`, hatua sahihi inayomziba malkia njia na kumtishia papo hapo. Kisha jibu linalotoka ni `a7a6`, na Weupe wanafunga mchezo kwa `h5f7`. Si kwamba programu haikuiona mati. Iliiona mapema sana. Mtu anayesoma kumbukumbu hii kwa mara ya kwanza hukimbilia kulaumu ukokotoaji wa thamani ya ubao, au uzalishaji wa hatua. Kasoro haipo huko kote. Ipo kwenye namna programu inavyoacha kufikiri muda unapokwisha.

Kwa nini programu hutafuta kwa awamu

Programu ya sataranji haiwezi kujua mapema kina cha 7, yaani kutazama hatua 7 mbele, kitachukua muda gani. Kwenye ubao wenye kete chache kinaweza kuisha kwa milisekunde 50. Katikati ya mchezo uliojaa vitisho kinaweza kula sekunde 5. Ukiamua tangu mwanzo kwamba utatafuta kina cha 7 moja kwa moja, saa ikigonga ukiwa katikati huna jibu lolote la kuaminika mkononi. Ndiyo maana utafutaji hufanywa kwa awamu: kina cha 1 chote, kisha kina cha 2 chote kuanzia mwanzo, kisha cha 3, na kuendelea hivyo hadi muda uishe. Kila mzunguko unapokamilika unaacha hatua bora ambayo programu inaweza kuicheza wakati wowote. Programu ya Chess 4.5 ya Chuo Kikuu cha Northwestern, iliyoandikwa na David Slate na Larry Atkin katika miaka ya 1970, ilifanya kazi hivi, na njia hiyo haijaachwa hadi leo.

Anayelisikia jambo hili mara ya kwanza huona ni ubadhirifu, kwa kuwa kazi ileile inarudiwa tena na tena. Hesabu inaonyesha vingine. Katika kumbukumbu ya hapo juu, mzunguko wa 5 peke yake ulichukua milisekunde 64 na wa 6 ulichukua 352, yaani mara 5.5. Ikiwa kila mzunguko unagharimu mara 5.5 ya uliotangulia, mizunguko yote ya nyuma ikijumlishwa haifiki robo ya gharama ya ule wa mwisho. Na robo hiyo haipotei bure, kwa sababu mizunguko ya nyuma ndiyo inayoifundisha programu hatua ipi iangaliwe kwanza katika mzunguko unaofuata. Tutalirudia hilo baada ya kuitibu kasoro.

Sufuri inayoingia kwa mlango wa nyuma

Programu ya kisa hiki huangalia saa ndani ya funksheni ya utafutaji. Muda ukiisha, alama ya `simama` inawekwa kuwa 1 na kila mwito wa funksheni unarudisha 0 mara moja ili mti wote ukunjike haraka. Wazo ni zuri. Kosa ni kwamba aliyeita funksheni hajui kuwa ile 0 si thamani ya kweli, hivyo anaipima kama anavyopima nyingine zote.

Tufuatilie kilichotokea katika kina cha 7, hatua kwa hatua. Kwenye shina, yaani ubao kama ulivyo sasa, `g7g6` inaangaliwa kwanza kwa kuwa ndiyo iliyoshinda mzunguko wa 6. Chini yake ni zamu ya Weupe, nao wanaanza na `h5f3`. Jibu hilo linatafutwa lote na linawapa Weupe +9. Wakati jibu la pili la Weupe linatafutwa, saa inagonga milisekunde 950. Kuanzia hapo kila kitu kinarudisha 0. Majibu yote ya Weupe yaliyobaki yanapata 0, ambayo ni ndogo kuliko +9, hivyo nodi hiyo inarudisha +9 kana kwamba imemaliza kazi. Alama inageuzwa upande, na shina linaandika kuwa `g7g6` ina thamani ya -9.

Sasa shina linachukua hatua inayofuata. Baada ya hatua bora kupandishwa juu, nyingine zimebaki katika mpangilio wa uzalishaji, unaoanzia askari wa safu ya a. Kwa hiyo inayofuata ni `a7a6`. Funksheni inaitwa, inaona `simama` imewekwa, inarudisha 0. Shina linalinganisha: 0 ni kubwa kuliko -9. Basi `a7a6` ndiyo bora! Hatua 26 zilizobaki nazo zinapata 0, lakini 0 haiizidi 0, kwa hiyo `a7a6` inabaki kileleni na kutumwa kama jibu. Kama mlinganisho ungeandikwa kwa `>=` badala ya `>`, programu ingecheza hatua ya mwisho kwenye orodha badala ya ya pili. Ugonjwa ungekuwa uleule, dalili tofauti.

Kinachofanya kasoro hii iishi muda mrefu bila kugundulika ni kwamba hujitokeza upande mmoja tu. Fikiria programu iko mbele kwa +30. Saa ikigonga ndani ya hatua ya kwanza, jibu la kwanza la Weupe limewapa -30, na sufuri za bandia zinazofuata zinaonekana kwao kuwa nafuu, kwa hiyo nodi inarudisha 0. Hatua ya kwanza inaporomoka kutoka +30 hadi 0. Hata hivyo nyingine zote nazo ni 0, haziizidi, na hatua sahihi inachezwa. Programu iliyo mbele inacheza vizuri. Programu iliyo nyuma hata kwa theluthi ya askari inacheza upuuzi. Anayetazama matokeo ya michezo mingi ataona tu kwamba programu "haijui kujitetea", na atapoteza wiki nzima akirekebisha uzito wa usalama wa mfalme.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwenye jibu la hatua hii. Nodi zilizokatizwa zinaandika sufuri zao kwenye jedwali la kumbukumbu, lile linalohifadhi matokeo ya hali za ubao zilizokwisha kutafutwa. Jedwali hilo halifutwi kati ya hatua moja na nyingine. Zamu inayofuata programu inakuta humo maandishi yanayodai kuwa hali fulani, kwa kina kikubwa, ni sare kamili, nayo inayaamini bila kutafuta tena.

Tiba ni mistari miwili, lakini mahali pake ni muhimu kuliko mistari yenyewe:

```c
int tafuta(Ubao *b, int kina, int alfa, int beta) {
    if ((++nodi & 2047) == 0 && saa_ms() >= mwisho) simama = 1;
    if (simama) return 0;
    /* ... kwa kila hatua m: */
    cheza(b, m);
    int t = -tafuta(b, kina - 1, -beta, -alfa);
    rudisha(b, m);
    if (simama) return 0;
    /* hapa tu ndipo t inalinganishwa na kuandikwa jedwalini */
}
```

Mstari wa `if (simama)` wa pili unakaa baada ya `rudisha`, kabla ya mlinganisho wowote. Ukiuweka kabla ya `rudisha`, mti utakunjika huku kete zikiwa hazijarudishwa mahali pake, na zamu inayofuata programu itaanza na ubao usiolingana na ule halisi. Dalili ya kosa hilo ni programu kutuma hatua haramu mara tu baada ya zamu iliyoishia kwa kukatizwa. Kwenye shina nako mstari huohuo unahitajika, na hapo maana yake ni: hatua iliyokuwa ikitafutwa saa ilipogonga haihesabiki.

Je, mzunguko uliokatizwa utupwe wote? Hapana, na hapa ndipo wengi hupoteza nguvu ya programu bila sababu. Hatua ya kwanza ya mzunguko ni ile iliyoshinda mzunguko uliopita. Ikiwa imekamilika katika kina kipya, kisha hatua nyingine nayo ikakamilika na kuizidi, basi hiyo ya pili imethibitishwa kuwa bora kwa kina kikubwa zaidi, hata kama zilizosalia hazijaguswa. Ichezwe. Ikiwa hata hatua ya kwanza haikukamilika, kama katika kisa chetu, hakuna tulichojifunza na jibu ni lile la kina cha 6: `g7g6`. Kanuni hii inategemea jambo moja tu, kwamba hatua bora ya mzunguko uliopita kweli iliangaliwa kabla ya nyingine zote. Programu isiyoipandisha juu haina haki ya kutumia matokeo ya nusu.

Hali moja inahitaji tahadhari. Hatua ya kwanza inapokamilika katika kina kipya na thamani yake ikashuka ghafla, kwa mfano kutoka -14 hadi -180, programu imegundua kwamba inachotaka kucheza kina shimo, lakini bado haijapata mbadala. Kukatiza hapo ni kutumbukia shimoni kwa macho makavu. Kama aina ya saa inaruhusu, yaani programu imepewa muda wa mchezo mzima na si `movetime`, huo ndio wakati wa kujiongezea mara mbili au tatu ya bajeti ya hatua.

Na kina cha 1 kisikatizwe kamwe. Kinachukua nodi chache mno, na bila hicho programu inaweza kufika kwenye `bestmove` ikiwa mikono mitupu.

Saa yenyewe

Kuangalia saa kila nodi ni ghali, ndiyo maana msimbo wa hapo juu unaiangalia kila baada ya nodi 2048. Kwa nodi milioni 1 kwa sekunde, hiyo ni takriban kila milisekunde 2. Programu ya lugha ya polepole inayopitia nodi 50,000 kwa sekunde ingeangalia kila milisekunde 41, na hapo ni busara kupunguza hadi 255 kwenye kinyago cha biti. Kosa la kawaida ni kuweka hesabu hii kwenye utafutaji mkuu tu na kuisahau kwenye ule wa mwisho wa matawi, unaofuatilia kula mpaka ubao utulie. Katika hali zenye malkia wawili na kete nyingi zinazolana, sehemu kubwa ya nodi zote huwa humo, na programu hupitiliza muda bila kujua.

Kosa jingine ni kutumia `clock()` ya lugha ya C. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix funksheni hiyo hupima muda ambao kichakataji kimeifanyia programu kazi, si muda unaopita ukutani. Kompyuta ikiwa imeelemewa na kazi nyingine, programu inasubiri foleni, saa yake imesimama, ya mwamuzi inaendelea. Tumia `clock_gettime(CLOCK_MONOTONIC, &t)` au `std::chrono::steady_clock`. Kisha punguza milisekunde 30 hadi 50 kwenye muda uliopewa kwa ajili ya kupokea amri na kutuma jibu. Ndiyo maana bajeti ya kisa hiki ni 950 na si 1000.

Je, kina cha 7 kilistahili hata kuanzwa? Mzunguko wa 6 uliisha milisekunde 430, na wa 7 ungehitaji karibu 352 mara 5.5, yaani sekunde 1.9 zaidi. Hakukuwa na uwezekano wa kuumaliza. Kanuni inayotumiwa sana ni kutoanza mzunguko mpya kama zaidi ya nusu ya bajeti imekwisha tumika, na kwa kanuni hiyo 430 bado iko chini ya 475, kwa hiyo programu iliendelea. Kwa `movetime`, ambapo muda usiotumika haurudi, kuendelea ni sawa mradi matokeo ya nusu yanashughulikiwa kwa usahihi. Kwa mchezo wenye saa ya jumla, milisekunde 520 zilizochomwa bila kukamilisha hata hatua ya kwanza zingefaa kuwekwa akiba.

Sasa mpangilio wa hatua

Baada ya kasoro kutibiwa programu inacheza `g7g6` kila mara, lakini bado inafika kina cha 6 tu. Hapo ndipo mpangilio unapoingia.

Utafutaji wa alfa-beta unaishi kwa mikato. Weusi wakishakuwa na `g7g6` yenye thamani ya -14, hatua nyingine yoyote ya Weusi inaweza kuachwa mara tu Weupe wanapopatiwa jibu moja linaloifanya kuwa mbaya kuliko hapo. Si lazima liwe jibu bora, linatakiwa litoshe. Jibu hilo likiangaliwa kwanza, hatua nzima inamalizwa kwa tawi moja. Likiangaliwa la thelathini, matawi 29 yametafutwa bure. Donald Knuth na Ronald Moore walichapisha mwaka 1975 uchambuzi unaoonyesha mpaka wa faida hii. Kwa mti wenye hatua 30 kila nodi na kina cha 6, utafutaji bila mikato unapitia majani 729,000,000. Mpangilio ukiwa kamili katika kila nodi, yanatosha 53,999. Algorithimu ni ileile na jibu ni lilelile. Tofauti yote imeletwa na mpangilio.

Ubao wetu unafaa kuangaliwa kwa karibu. Weusi wana hatua halali 28. Hakuna hata moja ya kula, na askari wa f7 hawezi kusogea kwa sababu angemwacha mfalme wazi kwa malkia wa h5. Kati ya hizo 28, hatua 20 zinakufa hapohapo kwa `h5f7`. Zinazoepuka mati ya mara moja ni 8: `g7g6`, `d8f6`, `d8e7`, `g8h6`, `d7d5`, `e8e7`, `d8g5` na `d8h4`. Mbili za mwisho zinamtoa malkia bure, na `d7d5` inaziba njia ya askofu kwa gharama ya askari.

Kwa kuwa hakuna cha kula, kanuni maarufu ya kupanga hatua za kula, kwamba kete kubwa iliwe na kete ndogo kwanza, haina la kusema kwenye shina hili. Ngazi moja chini inasema mengi. Baada ya `g7g6`, Weupe wakicheza hatua tulivu isiyomwokoa malkia, jibu la kwanza la Weusi kwa kanuni hiyo ni `g6h5`, askari kumla malkia. Mkato unapatikana kwa jaribio la kwanza, nodi baada ya nodi.

Kanuni hiyohiyo inayumba kwenye zile hatua 20 zinazokufa. Baada ya nyingi kati ya hizo, Weupe wana namna nne za kula, zote za kumla askari: `c4f7`, `h5f7`, `h5e5` na `h5h7`. Kwa kuwa askofu ni mdogo kuliko malkia, kanuni inatanguliza `c4f7`. Hatua hiyo inamtishia mfalme, inajipatia askari bure, na mara nyingi itatosha kuleta mkato. Lakini ili kuthibitisha kwamba inatosha, programu lazima itafute chini yake kina chote kilichobaki. `h5f7` ingemaliza kazi kwa nodi moja, maana baada ya mati hakuna cha kutafuta. Hapa jedwali la kumbukumbu ndilo linalosaidia. Kila nodi inapomalizwa jedwali linahifadhi hatua iliyoleta mkato au iliyokuwa bora, na katika mzunguko unaofuata hatua hiyo inajaribiwa kabla hata ya kuzalisha nyingine. Mzunguko mmoja ukigundua `h5f7` kwenye nodi fulani, mizunguko yote iliyobaki inaanza nayo.

Hii ndiyo faida kubwa ya kutafuta kwa awamu, na ndiyo inayolipa ile robo ya kazi iliyorudiwa. Programu inayoruka moja kwa moja hadi kina cha 7 inaingia na jedwali tupu, ikibahatisha mpangilio kwenye nodi za juu ambako makosa ni ghali zaidi. Ile iliyopita kina cha 1 hadi cha 6 ina jibu la jaribio la kwanza kwenye karibu kila nodi ya juu. Kwa kawaida inafika kina cha 7 mapema kuliko mwenzake aliyeanzia hapo.

Kwenye shina pana mtego ambao hata wajuzi hunaswa. Inaonekana ni jambo la akili kupanga hatua 28 kwa alama zilizopata katika mzunguko uliopita. Lakini alama hizo, isipokuwa ya hatua bora, si thamani halisi. Mkato unapotokea, kinachorudi ni taarifa kwamba hatua "haizidi -14", basi. `d8f6`, ambayo ni nzuri kabisa, na `a7a6`, ambayo ni mati, zinaweza kurudi na tarakimu zinazokaribiana, na kuzipanga kwa tarakimu hizo ni kubahatisha. Kipimo bora ni idadi ya nodi zilizotumika chini ya kila hatua katika mzunguko uliopita. Hatua iliyokataliwa kwa urahisi inaacha mti mdogo. Hatua iliyopigana kabla ya kukataliwa inaacha mti mkubwa. Kwenye ubao wetu `d8f6`, `d8e7` na `g8h6` zinapanda mara moja nyuma ya `g7g6`, na kundi la hatua 20 za mati linazama chini, `a7a6` ikiwemo.

Tazama sasa kitu cha kutia hofu: kama mpangilio huu ungekuwepo tangu mwanzo, kasoro ya sufuri ingecheza `d8f6`, kwa kuwa ndiyo ingekuwa ya pili kwenye orodha. Hatua hiyo inatetea vizuri. Programu ingekuwa na ugonjwa uleule, jedwali likichafuliwa vilevile, bila dalili yoyote ya kumshtua mtu. Kwa hiyo kukatizwa kutibiwe kwanza, ndipo mpangilio uboreshwe.

Kwa hatua zisizo za kula, zana mbili za kawaida ni hatua za mkato za ngazi na jedwali la historia. Ya kwanza inahifadhi hatua mbili tulivu zilizoleta mkato katika ngazi ileile ya mti, kwa matumaini kwamba jibu lililomshinda ndugu mmoja litamshinda na mwingine. Ihifadhiwe kwa umbali kutoka shinani, si kwa kina kilichobaki. Vinginevyo mzunguko ukiongezeka, hatua za Weupe zinatafutwa kwenye rafu ya Weusi. Na kabla ya kuchezwa ihakikiwe kwamba inawezekana kwenye ubao huu: kete ipo pale, njia haijazibwa. Bila uhakiki huo kete hujikuta zikiruka wenzake. Jedwali la historia, lililoelezwa na Jonathan Schaeffer mwaka 1983, linajumlisha sifa za kila hatua tulivu iliyoleta mkato, kwa kawaida `kina * kina` kila mara, ili mikato ya nodi za juu iwe na uzito kuliko ya karibu na majani. Tarakimu hizo hukua bila kikomo, hivyo zigawanywe kwa 2 kila zamu mpya inapoanza.

Kupima

Vipimo viwili vinatosha kujua kama kazi imefanyika. Cha kwanza: hesabu mikato yote, na kati ya hiyo, ile iliyoletwa na hatua ya kwanza kujaribiwa. Gawanya. Programu iliyopangwa vizuri hupata zaidi ya asilimia 90. Ukipata 60 au 70, mara nyingi hatua ya jedwali haitumiki kabisa kwa sababu ya kosa dogo, kama kuilinganisha na orodha iliyosimbwa kwa namna nyingine.

Cha pili ni kikali zaidi. Zima jedwali la kumbukumbu na mbinu zote za kupunguza kina, tafuta kina cha 5 mara mbili, mara moja ukiwa na mpangilio na mara moja hatua zikiwa zimechanganywa ovyo. Idadi ya nodi lazima itofautiane sana. Alama lazima iwe sawasawa, hadi tarakimu ya mwisho. Ikitofautiana, mpangilio wako unapoteza au unarudia hatua, au hatua isiyowezekana inapenya.

Kwa upande wa saa, ubao wa kisa hiki wenyewe ni kipimo kizuri. Itume programu hali hiyohiyo kwa `go movetime 60`, kisha 70, 80, na kuendelea hadi 2000, ukifungua mchakato mpya kila mara, na uandike kila `bestmove`. Mizunguko itakatizwa mahali tofauti mara takriban 200. Majibu yote yawe `g7g6`, `d8f6`, `d8e7` au `g8h6`. Ikitokea hata mara moja `a7a6`, au hatua nyingine yoyote kati ya zile 20, rudi kwenye mstari ulio chini ya `rudisha(b, m)`.